Barua Pepe ya Kuuliza Alama ya Mtihani: Mfano wa Mwanafunzi wa Alunguli

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi anavyoweza kumwandikia mwalimu wake wa chuo kikuu kuhusu alama asiyokubaliana nayo, pasipo kuvunja heshima na pasipo kuificha hoja yake. Mfano unaojadiliwa ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli.

Mwanafunzi anayehusika anakaa Alunguli, mtaa wa Kindu ulio ukingo wa mashariki wa Mto Lualaba, ng'ambo ya katikati ya mji. Katika vyuo vingi vya mikoani nchini Kongo, baadhi ya masomo hufundishwa na maprofesa wageni ambao huja kwa majuma machache, hufundisha mfululizo, kisha hurejea makwao. Alama zinapotangazwa, mwenye kuzitoa huenda yuko mbali sana, wala hakuna mlango wa ofisi wa kubisha. Hapo ndipo barua pepe inapochukua nafasi ya mazungumzo, na kila neno lake husomwa na mtu asiyeuona uso wa mwandishi.

Somo lenyewe ni mofolojia ya Kiswahili. Mtihani ulikuwa na maswali manne, kila moja likiwa na alama 5, na kiwango cha kupita ni 10 kati ya 20. Mwanafunzi aliporuhusiwa kuiona karatasi yake, aliona juu ya ukurasa wa kwanza alama 8. Ndani, pembeni mwa majibu, kulikuwa na 3, 1, 3 na 2. Jumla ya alama hizo ni 9. Aidha, katika swali la tatu, lililodai vitenzi vitano vichanganuliwe, vitenzi viwili vilihesabiwa kuwa makosa. Kimoja alikikosea kweli. Cha pili kilikuwa «amekupa», katika sentensi «Baba amekupa kitabu».

Hivyo basi, kuna malalamiko mawili yasiyo ya aina moja. La kwanza ni la hesabu: lathibitishwa kwa kujumlisha tu. La pili ni la kitaaluma: ladai hoja. Mwanafunzi akiyachanganya, lile dhaifu huliangusha lile lenye nguvu. Akiyatenga na kuanza na la hesabu, mwalimu huona tangu mwanzo kwamba anaandikiwa na mtu aliyeisoma karatasi yake kwa makini.

Rasimu ya kwanza ya mwanafunzi ilikuwa hivi: «Mwalimu, ulinikosesha alama mbili. Nilisoma sana na sasa nimebakiza mbili tu nipite. Naomba unihurumie mimi mtoto wako.» Kasoro zake ni tatu. Kwanza, kiambishi «u-» katika «ulinikosesha» kinamfanya mwalimu kuwa mtenda kosa kabla kosa halijathibitishwa. Pili, kusoma sana na kupungukiwa alama mbili si sababu za kubadili alama. Ni sababu za kuitaka ibadilike. Tatu, ombi la huruma linaiua haki: anayehurumiwa hupewa kisicho chake, ilhali mwanafunzi huyu anauliza kilicho chake. Hata neno «Mwalimu», ambalo pwani ni la heshima kwa kila anayefundisha, nchini Kongo humwelekeza msikilizaji kwanza kwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika chuo cha huko, «Bwana Profesa» ndiyo anwani iliyozoeleka.

Rasimu ya pili ilisomeka hivi:

«Yahusu: Ombi la kuangaliwa upya karatasi ya mtihani wa mofolojia, swali la 3 na jumla.

Bwana Profesa,

Natumaini ulisafiri salama. Mimi ni mwanafunzi wa somo lako la mofolojia. Jina langu kamili na namba yangu ya usajili viko chini ya barua hii. Baada ya kuiona karatasi yangu, naomba uniruhusu nieleze mambo mawili.

Jambo la kwanza ni jumla. Alama zilizoandikwa pembeni mwa majibu ni 3, 1, 3 na 2, ambazo jumla yake ni 9. Ukurasa wa kwanza unaonyesha 8. Iwapo kuna alama iliyokatwa kwa sababu nisiyoifahamu, naomba nielezwe.

Jambo la pili ni kitenzi «amekupa» katika swali la 3. Nilikichanganua a-me-ku-p-a, nikaandika kwamba «ku» ni kiambishi cha mtendwa, yaani wewe. Jibu hilo lilihesabiwa kosa. Nilifikiri hivyo kwa sababu mtendwa akibadilika, «ku» huondoka: tunasema «amenipa», wala hatusemi «amekunipa». Kosa la kitenzi kingine katika swali hilo nalikubali.

Nimeambatisha picha ya ukurasa wa kwanza na ya ukurasa wenye swali la 3. Nitapokea uamuzi wako, vyovyote utakavyokuwa.

Wako mtiifu,»

Tofauti ya rasimu hizi si ukali na upole tu. Katika ya pili, kiima cha sentensi zenye hoja ni alama, ukurasa na jibu. Mwalimu hatajwi kuwa mkosaji mahali popote, na bado kosa limeonyeshwa wazi. Kauli ya kutendwa, «lilihesabiwa kosa», inayaweka macho ya wote wawili kwenye karatasi. Sentensi ya «Iwapo kuna alama iliyokatwa» nayo si ya adabu tupu: inawezekana kweli kwamba mwalimu alipunguza alama kwa makosa ya tahajia, na mwanafunzi aliyeacha nafasi hiyo haaibiki akijibiwa hivyo.

Hoja ya «ku» ina uzito kwa kuwa inaweza kupimwa. Katika «amekula», «ku» kwa kawaida ni ya kitenzi-jina, nayo hubaki kwa sababu shina lina silabi moja na «-me-» haiwezi kubeba mkazo. Msahihishaji mwenye haraka aweza kuichukulia «ku» ya «amekupa» vivyo hivyo. Lakini kitenzi «-pa» hakisimami bila mtendwa, na mtendwa akiwapo, «ku» ya kitenzi-jina haina nafasi. Laiti neno lingekuwa «amekula» pasipo muktadha, hoja ingekuwa dhaifu, maana mtu aweza kuelewa kwamba fulani amekula chakula, au kwamba simba amekula wewe. Vivyo hivyo kwa swali la insha, ambapo alama hutegemea hukumu ya msomaji: huko mwanafunzi hana kipimo cha namna hii, na heri aulize vigezo vilivyotumika kuliko kudai idadi ya alama.

Muda nao una mipaka yake. Kabla ya kikao cha baraza la mtihani, mwalimu aweza kusahihisha alama mwenyewe. Baada ya baraza kutangaza matokeo, alama huwa mali ya baraza, na mwalimu peke yake haigusi tena. Mwanafunzi hupaswa kupeleka ombi la maandishi kwa baraza katika siku zilizotangazwa. Barua pepe kwa mwalimu haisimamishi siku hizo. Asiyejibiwa kwa siku mbili au tatu hana budi kupeleka ombi lake barazani, akiambatisha nakala ya barua ileile. Lakini kuituma kwa mkuu wa kitivo tangu mara ya kwanza ni kumshitaki mtu kabla ya kumwuliza.

Kama hoja zote mbili zitakubaliwa, 8 itakuwa 9, na 9 itakuwa 10. Barua haikuitaja 10 hata mara moja.