Jasho, Chumvi na Mizani ya Bafuni

Mkimbiaji wa Marekani Alberto Salazar alipokuwa akijiandaa kwa marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, watafiti waliompima walikuta jasho lake linafikia lita 3.7 kwa saa. Ni kiwango cha kutisha. Siku ya mashindano alikunywa njiani kama alivyopangiwa, na bado alimaliza akiwa amepungua zaidi ya kilo 5, katika nafasi ya 15. Mipango mizuri haikuweza kumwokoa, kwa kuwa utumbo wa mtu anayekimbia hupokea takriban lita moja tu kwa saa. Kinachozidi hapo hubaki tumboni kikicheza.

Watu wengi hutoa jasho kati ya nusu lita na lita 2 kwa saa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba ushauri wa jumla, wa glasi nane kwa siku au chupa moja kila nusu saa, haumsaidii mtu anayefanya mazoezi makali kwenye joto. Namba yake ataipata kwenye mizani ya kawaida ya bafuni.

Mfano ni mkimbiaji wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon. Mbio hizo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mapema Machi, kwa hiyo mazoezi yake marefu yanaangukia miezi ya joto kali la pwani, wakati hewa imejaa unyevu na jasho linadondoka badala ya kukauka. Jasho lililodondoka halimpoozi mtu. Linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi, ndiyo maana mwili wa pwani hulazimika kutoa jasho jingi kwa faida ndogo.

Kabla ya kutoka, mkimbiaji huyo anakwenda haja ndogo, anavua nguo na kujipima: kilo 68.4. Anakimbia saa moja na nusu na kunywa nusu lita ya maji. Akirudi anajifuta jasho vizuri, anavua tena na kujipima: kilo 66.9. Amepungua kilo 1.5, na kilo moja ya mwili uliopungua ni karibu sawa na lita moja ya maji. Ukijumlisha ile nusu lita aliyokunywa, jasho lake lilikuwa lita 2, yaani lita 1.3 hivi kwa saa.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba lazima arudishe kila tone akiwa bado anakimbia. Wataalamu wa tiba ya michezo wengi huweka mpaka kwenye asilimia 2 ya uzito, ambayo kwake ni kama kilo 1.4, akipungua zaidi ya hapo kwenye joto, mapigo ya moyo hupanda na miguu huanza kuwa mizito. Akipanga kukimbia saa mbili kwa kasi ileile, jasho litakuwa lita 2.6, hivyo lita 1.3 za kunywa zinatosha. Asubuhi ya baridi kule Moshi namba itashuka. Akipunguza kasi, itashuka pia. Inambidi apime upya kila hali inapobadilika.

Sasa chumvi. Lita moja ya jasho hubeba wastani wa gramu moja ya sodiamu, ingawa wengine hutoa nusu yake na wengine karibu mara mbili. Mwenye jasho la chumvi nyingi hujijua: fulana yake nyeusi ikikauka hubaki na michirizi myeupe, na macho humchoma. Potasiamu, ambayo watu huihangaikia kwa kula ndizi nyingi, hutoka kidogo tu. Kwa lita zake 2, mkimbiaji wetu amepoteza gramu 2 za sodiamu, sawa na gramu 5 za chumvi ya mezani, karibu kijiko kimoja cha chai. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Mchuzi, maharage yaliyoungwa na kipande cha samaki wa chumvi vitairudisha yote kabla ya kulala. Anayekimbia nusu saa hana sababu yoyote ya kuongeza chumvi, hasa kama ana shinikizo la damu.

Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni hili. Maji ya damu yana zaidi ya gramu 3 za sodiamu kwa lita, jasho lina gramu moja. Mtu akitoka jasho bila kunywa, damu yake haipungui ukali wa chumvi. Inazidi kukolea, na hapo ndipo kiu inapokuja. Damu huwa nyepesi pale mtu anapomimina maji kupita jasho lililotoka.

Mwaka 2002 watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, na watatu walikuwa katika hali ya hatari kabisa. Dalili iliyowatambulisha kuliko nyingine ni kwamba walimaliza wakiwa wameongezeka uzito. Wengi walikuwa wakimbiaji wa polepole, waliochukua zaidi ya saa nne na kunywa zaidi ya lita 3 njiani. Kutumia vinywaji vya michezo badala ya maji hakukuwakinga, na sababu iko wazi: vinywaji hivyo vina takriban nusu gramu ya sodiamu kwa lita, ambayo ni hafifu hata kuliko jasho lenyewe. Vidonge vya chumvi navyo havimwokoi anayekunywa kupita kiasi.

Kwa mazoezi ya zaidi ya saa moja na nusu, kinywaji cha nyumbani kinatosha: lita moja ya maji safi, vijiko 4 vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na maji ya ndimu. Sukari si ya utamu tu, kwani ukuta wa utumbo hupitisha sodiamu na sukari kwa pamoja, na maji hufuata. Pakiti za ORS za hospitalini hutumia kanuni hiyohiyo, ila chumvi yake ni nyingi zaidi na sukari ni kidogo, kwa sababu zilitengenezwa kwa mgonjwa wa kuhara asiyehitaji nguvu za kukimbia. Dafu, pamoja na sifa zake zote, lina potasiamu tele na kwa kawaida sodiamu haba. Ni tamu baada ya mbio, lakini kwa kurudisha chumvi linahitaji msaada wa kitu cha kutafuna.

Penye hatari ya kweli ni pale mtu anapoanguka. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa huweza kutokana na joto kali la mwili au na maji kuzidi, na kumlazimisha huyu wa pili anywe zaidi kunaweza kumuua. Wenzake waangalie vidole: pete au saa iliyobana, tumbo lililojaa na matapishi ya maji matupu vinaashiria maji yamezidi. Aliyechanganyikiwa na mwili wake unawaka amwagiwe maji ya baridi mwili mzima papo hapo, apepewe, na asinyweshwe kitu. Wote wawili wapelekwe hospitali haraka, na anayewapeleka amweleze daktari walikunywa kiasi gani, ili sodiamu ipimwe kabla ya kutundikiwa dripu.