Magunia mangapi yavuke Namanga wiki ijayo? Daftari la oda linaweza kujibu

Mfanyabiashara wa vitunguu anayenunua Mang'ola, wilayani Karatu, na kuuza Soko la Wakulima jijini Nairobi, hununua leo mzigo utakaouzwa wiki ijayo. Akizidisha, vitunguu vinaota na kuoza kwenye magunia. Akipunguza, mteja anahamia kwa muuzaji wa jirani. Wengi hukadiria kwa kukumbuka wiki iliyopita tu, lakini wiki moja huweza kudanganya.

Kazi inaanzia kwenye daftari. Andika kila wiki magunia yaliyoombwa, wala si yaliyouzwa peke yake. Kama uliuza 40 ukaishiwa, na wateja wengine walitaka 10, mahitaji yalikuwa 50. Ukiandika 40, wiki ijayo utaleta mzigo mdogo tena, na daftari litakuambia ulikadiria vizuri.

Tuchukue mfano. Wiki tatu za kwanza ziliombwa gunia 38, 46 na 36. Wiki ya nne ziliombwa 50, ya tano 55 na ya sita 60.

Njia mbili za kukadiria

Njia ya kwanza ni wastani unaosogea. Jumlisha wiki tatu za mwisho, gawanya kwa tatu. Kwa wiki ya nne, 38 na 46 na 36 ni 120, hivyo makadirio ni gunia 40. Wiki inayofuata unaiacha ile ya zamani kabisa na kuingiza mpya: 46, 36 na 50, wastani 44. Kwa wiki ya sita unapata 47.

Njia ya pili ni ulainishaji wa kipeo. Jina ni zito, hesabu ni nyepesi: chukua makadirio ya zamani, kisha yasogeze kuelekea kilichotokea kwa sehemu fulani ya kosa. Tukichagua nusu, yaani 0.5, na kuanza na makadirio yaleyale ya 40:

```
makadirio mapya = makadirio ya zamani + 0.5 × (halisi − makadirio ya zamani)
40 + 0.5 × (50 − 40) = 45
```

Wiki ya tano, basi, unakadiria 45. Ziliombwa 55, hivyo wiki ya sita unakadiria 50. Ukitumia 0.2 badala ya 0.5, makadirio yatatulia zaidi lakini yatachelewa kufuata soko. Ukikaribia 1, yatayumba na kila wiki.

Ipi imekosea kidogo?

Kipimo kinachotumika sana ni wastani wa asilimia ya kosa, maarufu kama MAPE. Kila wiki tafuta tofauti kati ya halisi na makadirio bila kujali ishara, igawanye kwa halisi, zidisha kwa 100, kisha tafuta wastani wa wiki zote.

Wastani unaosogea ulikosea gunia 10 kati ya 50, 11 kati ya 55 na 13 kati ya 60. Hizo ni asilimia 20, 20 na karibu 22, hivyo MAPE ni takriban 21. Ulainishaji ulikosea gunia 10 kila wiki; MAPE yake ni takriban 18. Kwa daftari hili, ulainishaji umeshinda, ingawa wiki tatu ni chache kwa uamuzi wa kudumu.

Kipimo kisichoonyesha upande

Tazama makosa hayo tena. Yote yako upande mmoja: kila wiki makadirio yalikuwa chini. Soko linapopanda mfululizo, njia zote mbili hubaki nyuma, kwa kuwa zinaishi kwa takwimu za jana. MAPE haisemi hivyo, kwa sababu imefuta ishara. Kwa hiyo weka safu nyingine yenye alama ya kujumlisha au kutoa. Ukiona tatu au nne mfululizo za alama moja, rekebisha. Hapa ulainishaji unatoa 55 kwa wiki ya saba. Ukiongeza lile kosa la kawaida la 10, unapata 65, linaloendana na kasi ya gunia tano kwa wiki.

MAPE pia huwaonea waliokadiria juu. Ukikadiria 50 zikaombwa 100, kosa ni asilimia 50. Ukikadiria 100 zikaombwa 50, kosa ni asilimia 100, ingawa gunia zilizokosewa ni zilezile. Na wiki ambayo hakuna aliyeomba kitu, kugawanya kwa sifuri hakuwezekani, iweke kando.

Mwisho, linganisha hasara kwa fedha. Kama gunia lililooza linakugharimu zaidi ya faida ya gunia ulilokosa kuuza, pakia chini kidogo ya makadirio. Kama ni kinyume, pakia juu.