Nguzo ya Kona Huvutwa Upande Gani?

Nguzo ya umeme iliyo katikati ya mstari ulionyooka haina taabu kubwa. Waya wa upande mmoja unaivuta huku, wa upande wa pili unaivuta kule kwa kiasi kilekile, na mivuto hiyo inauana. Nguzo inabaki na kazi ya kubeba uzito na kuhimili upepo. Taabu huanza pale mstari unapokata kona kufuata barabara. Nyaya hazitazamani tena, kila mmoja unavuta upande wake, na nguzo inataka kuinama kuelekea ndani ya kona. Ndiyo maana kwenye kona utaona waya mnene wa chuma umeshuka kutoka juu ya nguzo hadi ardhini, ukiwa umefungwa kwenye nanga iliyofukiwa. Huo ni waya wa kushikilia nguzo.

Waya huo haufungwi popote palipo na nafasi. Anayeusimika lazima ajue mambo mawili: nguzo inavutwa kwa kani kiasi gani, na inavutwa kuelekea wapi hasa.

Tuchukue kona kali. Waya mkubwa unaotoka barabarani unavuta kwa kani ya kilonyutoni 5, na waya mwembamba unaoelekea kitongojini unavuta kwa kilonyutoni 3. Kati ya nyaya hizo mbili, ukizitazama kutoka juu, kuna pembe ya nyuzi 70. Kama kilonyutoni hazikuambii kitu, hesabu kwa saruji: kilonyutoni 5 ni karibu uzito wa mifuko kumi ya kilo 50, na kilonyutoni 3 ni karibu mifuko sita.

Jibu la haraka ni kujumlisha, 5 na 3 ni 8. Lakini hilo lingekuwa kweli kama nyaya zote mbili zingevuta upande mmoja. Zinapoachana, sehemu ya nguvu ya kila mmoja inapotea katika kuvutana na mwenzake. Kani moja ambayo ingeivuta nguzo sawasawa na hizo mbili zikiwa pamoja huitwa kani tokeo, na kuipata tunahitaji mchoro mdogo.

Weka nukta kwenye karatasi, iwe nguzo. Kutoka hapo chora mstari wa sentimita 5 kufuata waya mkubwa. Ukifika mwisho wake, usirudi kwenye nguzo. Endelea palepale, uchore sentimita 3 sambamba na waya mwembamba. Sasa unganisha nguzo na mahali ulipoishia. Mstari huo wa tatu ndio kani tokeo: urefu wake ni ukubwa, na unakoelekea ndiko nguzo inakovutwa. Umepata pembetatu yenye pande mbili unazozijua na upande mmoja usioujua.

Kama kona ingekuwa ya mraba, yaani nyuzi 90, kanuni ya Pithagora ingetosha: 25 na 9 ni 34, na kipeuo chake cha pili ni 5.83. Kwa pembe nyingine yoyote tunatumia kanuni ya kosaini, ambayo ni ya Pithagora iliyoongezewa kipande cha kusahihisha. Kiini chake kimo tayari katika kitabu cha pili cha Euklide. Jamshid al-Kashi, mwanahisabati wa Samarkandi, aliiandika kwa namna ya kukokotolea katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1427. Vitabu vya Kifaransa huiita teorema ya Al-Kashi, na msomaji wa Kongo au Burundi aliyesoma hisabati kwa Kifaransa huenda anaijua kwa jina hilo.

Kwa kani mbili P na Q zenye pembe θ kati yake, kanuni inasomeka hivi:

R² = P² + Q² + 2PQ cos θ

Hapa wengi hukwama, na hawakwami kwa uzembe. Kanuni ya pembetatu waliyoikariri darasani ina alama ya kutoa, na hii ina ya kujumlisha. Ipi sahihi? Zote mbili, ila haziongelei pembe ileile. Rudi kwenye mchoro. Ulipouhamishia mstari wa pili kwenye ncha ya ule wa kwanza, pembe iliyobaki ndani ya pembetatu haikuwa tena 70, bali 180 toa 70, yaani 110. Kosaini ya 110 ni ile ya 70 ikiwa na alama ya hasi. Hasi hiyo ikikutana na alama ya kutoa, zinazaa chanya. Kwa hiyo ukitumia pembe iliyo kati ya nyaya, jumlisha. Ukitumia pembe ya ndani ya pembetatu, toa. Kosa ni kuchanganya moja na nyingine.

Tukokotoe. Kosaini ya 70 ni 0.342. Mara mbili ya 5 mara 3 ni 30, na 30 mara 0.342 ni 10.26. Ongeza kwenye 34 upate 44.26. Kipeuo chake cha pili ni 6.65. Nguzo inavutwa kwa kilonyutoni 6.65, karibu mifuko kumi na tatu na nusu ya saruji, wala si kumi na sita.

Aliyetoa badala ya kujumlisha angepata 4.87, na jibu hilo linajishitaki lenyewe. Kwenye kona ya mraba tulipata 5.83. Pembe ikipungua chini ya 90, nyaya zinazidi kuelekea upande mmoja, kwa hiyo tokeo lazima lipande juu ya 5.83. Likishuka, alama imekosewa. Pembe ikizidi 90, tokeo lazima liwe chini ya hapo. Ukaguzi huo hauhitaji hata kikokotoo.

Ukubwa tumeupata, lakini haujatuambia nanga ichimbiwe wapi. Mwelekeo tunaupata kwa kanuni ya saini: katika pembetatu yoyote, kila upande ukigawanywa kwa saini ya pembe inayoutazama, majibu huwa sawa. Pembe tunayoitaka ni ile iliyo kati ya tokeo na waya mkubwa, tuiite α. Inatazamana na upande wa 3, kwa hiyo:

sin α = Q sin θ / R

Saini ya 70 ni 0.940. Zidisha kwa 3, gawanya kwa 6.65, upate 0.424, ambayo ni saini ya nyuzi 25. Nguzo inavutwa kuelekea nyuzi 25 kutoka kwenye waya mkubwa, na nyuzi 45 kutoka kwenye waya mwembamba. Tokeo limeegemea kwa mwenye nguvu, na ndivyo inavyopasa. Likiegemea upande wa kani dogo, kuna tarakimu zimebadilishana nafasi.

Kuna mtego mmoja ambao kikokotoo hakikuonyi. Chukua nyaya zilezile, lakini kona iwe pana, nyuzi 130. Kosaini ya 130 ni hasi, kwa hiyo kipande cha kusahihisha kinapunguza: tokeo linashuka hadi 3.84, dogo kuliko waya mkubwa peke yake. Sasa mtu aamue kuitafuta kwanza pembe ya upande wa waya mwembamba. Atapata saini ya 0.998, na kikokotoo kitamjibu 86.8. Kumbe pembe ya kweli ni 93.2, kwa sababu pembe mbili zinazojazana hadi 180 zina saini moja, na kikokotoo siku zote huchagua ile iliyo chini ya 90. Utajuaje? Pembe ya upande wa waya mkubwa ni 36.8. Ukiijumlisha na 86.8 unapata 123.6, wakati lazima zifike 130. Mimi naona njia salama ni kuanza daima na pembe iliyo karibu na kani kubwa. Hiyo haiwezi kufika 90, na nyingine inapatikana kwa kutoa tu.

Turudi kwenye kona yetu ya nyuzi 70. Waya wa kushikilia nguzo unakaa kinyume kabisa na tokeo, upande wa nje wa kona. Tuseme umefungwa juu, pale nyaya zilipo, na unashuka kwa nyuzi 45. Kwa kuwa umeinama, sehemu tu ya mvuto wake ndiyo inayovuta kwa ulalo, hivyo ili kuzuia 6.65 lazima wenyewe ukazwe kwa 9.4. Ukisimamishwa zaidi, ukafanya nyuzi 60 na ardhi, unahitaji 13.3, mara mbili kamili ya tokeo. Ndiyo sababu nanga huwekwa mbali na mguu wa nguzo palipo na nafasi. Tena mhandisi hapigi hesabu kwa mvuto wa siku ya kawaida, bali kwa ule mkubwa kuliko wote anaoutarajia, kwa kuwa waya hulegea kwa joto, hukaza kwa baridi, na upepo huongeza yake. Na kona ikiwa kali mno, mara nyingi huwekwa nyaya mbili za kushikilia, kila mmoja kinyume na waya wake.

Asiyekuwa na kikokotoo anaweza kuupata mwelekeo ardhini kwa kamba na vigingi. Pima mita 5 kutoka kwenye nguzo chini ya waya mkubwa, weka kigingi. Pima mita 3 chini ya waya mwembamba, weka kingine. Kwenye kigingi cha kwanza funga kamba ya mita 3, kwenye cha pili ya mita 5, uzivute hadi ncha zikutane upande wa mbali na nguzo. Hapo umetengeneza msambamba. Mstari kutoka kwenye nguzo hadi zinapokutana ndio mwelekeo wa tokeo, na ukiupima utakuta mita 6.65. Nanga inakwenda kinyume chake.

Je, ukikadiria kwa macho na kuiweka nanga kinyume na katikati ya kona, nyuzi 35 kila upande? Umekosea kwa nyuzi 10. Saini ya nyuzi 10 ni 0.17, kwa hiyo kani ya takriban kilonyutoni 1.15 inabaki bila mpinzani, ikiivuta nguzo kuelekea waya mkubwa. Ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji, usiku na mchana, na mvua ikilainisha udongo nguzo itaanza kulala upande.

Kwa nguzo iliyofungwa katika urefu wa mita 8 na waya wa nyuzi 45, kosa hilo la nyuzi 10 ni kuihamisha nanga mita 1.4 tu. Kwa hiyo kama waya wa kushikilia nguzo umeangukia unapotaka kujenga ukuta au kupitisha gari, usiulegeze wala kuusogeza mwenyewe. Waite wenye mtandao wa umeme waje wapige hesabu upya.