Mfululizo Mrefu Bila Kupanga Namba

Tazama namba hizi tisa, zimeandikwa bila mpangilio wowote: 48, 12, 50, 9, 49, 11, 10, 30, 13. Ndani yake kuna namba zinazofuatana moja baada ya nyingine, kuanzia 9 hadi 13. Huo ndio mfululizo mrefu kuliko yote, una namba tano. Swali ni namna ya kuufanya mtambo wa kompyuta uuone. Waandika programu wengi hulikuta swali hili kwenye usaili wa kazi, na sharti lake ndilo linalowatoa jasho: orodha ikirefuka mara mbili, kazi nayo iongezeke mara mbili tu, isizidi.

Wa kwanza kuulizwa hujibu haraka kwamba tuzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tuhesabu. Jibu hilo ni sahihi, ila linavunja sharti. Kupanga namba 100,000 kwa kuzilinganisha mbili mbili huhitaji ulinganisho kama milioni 1.7, na orodha inavyokua, kila namba hugharimu zaidi kidogo kuliko awali.

Njia ya pili hutumia seti ya hashi. Wazo la hashi ni la zamani. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliliandika mwaka 1953. Fikiria masanduku ya posta. Karani hapekui ukuta mzima akitafuta barua yako, namba ya sanduku humpeleka moja kwa moja. Seti ya hashi nayo huikokotoa namba yenyewe ili ijue imewekwa wapi kwenye kumbukumbu. Ukiiuliza, "Je, 49 imo?" hujibu karibu papo hapo, hata kama ndani yake kuna namba milioni moja.

Basi tunamimina namba zote tisa kwenye seti. Kwa kila namba tunatafuta inayofuata: 12 ina 13, lakini 14 haimo, tunasimama. Tukifika 9 tunapanda hadi 13. Tukifika 11 tunapanda tena njia ileile, na 10 vivyo hivyo. Hapo ndipo hasara ilipojificha. Namba 100,000 zikiwa zote zinafuatana, maswali yatazidi bilioni tano, na seti yetu nzuri itakuwa imetusaidia kidogo sana.

Dawa yake ni swali moja la kutazama nyuma. Kabla ya kupanda kutoka 11, uliza kama 10 imo. Ikiwa imo, 11 si mwanzo wa mfululizo, iache. Mwenye kuanza atahesabu. Katika orodha yetu wanaopita mtihani huo ni watatu: 48, 9 na 30.

```python
def mfululizo(orodha):
    seti = set(orodha)
    bora = 0
    for x in seti:
        if x - 1 not in seti:
            y = x
            while y + 1 in seti:
                y += 1
            bora = max(bora, y - x + 1)
    return bora
```

Sasa tuhesabu gharama. Maswali ya nyuma ni tisa, moja kwa kila namba. Ya mbele: kutoka 48 ni matatu, likiwemo la mwisho linalojibiwa hapana, kutoka 9 ni matano, kutoka 30 ni moja. Jumla ya mbele ni tisa, na ya yote ni 18. Hilo si bahati. Mfululizo wa urefu wowote huuliza mbele mara sawa na urefu wake, kwa hiyo namba 100,000 zisizojirudia huzaa maswali 200,000 kamili, zipangike zitakavyo. Kitanzi ndani ya kitanzi huwatisha wengi, lakini cha ndani hakirudii njia.

Kosa ninaloliona mara nyingi limo katika mstari wa `for`. Mtu huandika `for x in orodha` badala ya `seti`, na majaribio yote hupita. Kisha inakuja orodha yenye namba 1 hadi 50,000, pamoja na 1 nyingine 50,000 za kujirudia. Kila 1 ni mwanzo halali, kila moja hupanda hadi juu, na maswali huvuka bilioni mbili na nusu. Jibu linatoka sahihi, ila programu inakokota miguu. Ndiyo maana kosa hili halionekani kirahisi.

Seti yenyewe nayo ina udhaifu. Kwenye Python ya kompyuta za biti 64, namba zote zinazogawanyika kwa 2⁶¹ − 1 hupata hashi ileile, sifuri, na zote hugombea sehemu moja. Anayejua hilo anaweza kukuletea orodha ya kukukwamisha makusudi. Kwa namba za kawaida usihofu. Lakini kama orodha inatoka kwa watu usiowajua, na ni ndefu, zipange tu: kupanga ni polepole kidogo kwenye karatasi, ila hakuna wa kukuharibia.