Vipele vya Kichwani Visivyosikia Antibayotiki

Mdogo wangu anaendesha bodaboda mjini Tanga. Vipele vilimwanzia kwenye paji la nywele, vikapanda utosini na kushuka kisogoni, pale pale helmeti inapobana. Kila akiegesha pikipiki kusubiri abiria, mkono uko kichwani. Jioni akishatoka jasho, muwasho ulimfanya asikae.

Duka la dawa la kwanza walimpa amoksilini. Haikusaidia. La pili wakamwambia ni chunusi za kichwani, wakampa doksisaiklini ya wiki tatu. Akazimeza zote kama alivyoelekezwa, na kufikia wiki ya tatu vipele vilikuwa vimeongezeka, vimefika hadi mabegani. Hapo ndipo alipokuja kwangu, kaona aibu kuvua kofia.

Nilipomtazama juani, niliona jambo ambalo ningependa kila anayeuza dawa alijue. Vipele vyote vilikuwa vya umbo moja na ukubwa mmoja, kama vichwa vya pini, vingine vikiwa na nukta ndogo ya usaha juu. Chunusi za kawaida hazifanani hivyo. Utakuta kubwa na ndogo, utakuta zenye kichwa cheusi na zenye kichwa cheupe, na kwa kawaida huuma kuliko kuwasha. Hivi vya mdogo wangu havikuwa na kichwa cheusi hata kimoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasha.

Daktari wa ngozi aliminya kipele kimoja, akakwangua kilichotoka, akakidondoshea dawa ya potasi inayoyeyusha seli za ngozi, kisha akakiweka chini ya hadubini. Akamwonyesha viduara vidogo vingi, vingine vikichipua kiduara kingine ubavuni. Hao ni malasezia, fangasi wa jamii ya hamira.

Malasezia hakuambukizwa na kinyozi. Tunaishi naye sote kwenye ngozi tangu utotoni, naye hula mafuta ambayo ngozi yenyewe inayatoa. Shida huanza anapozidi kuzaana ndani ya vitundu ambamo nywele huota, ngozi ikachachamaa kumkabili. Joto, jasho na kichwa kilichofunikwa kutwa humpa nafasi hiyo. Antibayotiki nayo humpa nafasi, kwa sababu huua bakteria wanaogombania naye makazi na kumwacha yeye mzima. Kwa hiyo zile wiki tatu za doksisaiklini zilikuwa zinamfyekea shamba. Krimu za steroidi, zikiwemo zile za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya kila kipele, hutuliza muwasho siku chache huku zikipunguza ulinzi wa ngozi, na fangasi akanawiri.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo lilitokana na mapenzi ya mama. Kila usiku alimpaka mafuta ya nazi ili kulainisha vipele. Malasezia hawezi kujitengenezea mafuta anayoyahitaji, na mafuta mengi ya mimea, ya nazi na ya zeituni yakiwemo, yana chakula chake.

Dawa aliyopewa ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Wengi huikosea kwa kuipaka na kuisuuza papo hapo kama sabuni. Daktari alimwambia aloweshe kichwa, aipake hadi kwenye ngozi, ashuke nayo hadi mabegani, aiache dakika kumi kwa saa, ndipo asuuze. Afanye hivyo mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Shampuu ya seleniamu salfaidi nayo hutumika kwa njia hiyo. Vipele vikiwa vimezama sana, shampuu haifiki chini ya kitundu, na hapo daktari huongeza vidonge kama itrakonazoli au flukonazoli. Hivyo si vya kujinunulia, maana hugongana na dawa nyingine na vinaweza kulidhuru ini.

Muwasho ulipungua ndani ya wiki ya kwanza. Vipele vilichukua karibu mwezi, na madoa meusi yalibaki muda mrefu zaidi.

Si kila kipele cha kichwani ni hiki. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zinazokatika huenda ana mapunye, na hayo huhitaji dawa ya kumeza. Shampuu peke yake haiyaponyi. Vinundu vigumu vya kisogoni visivyoisha, vinavyoacha makovu, ni ugonjwa mwingine. Uvimbe wenye maumivu na homa ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kupona aliambiwa aendelee na shampuu mara moja kwa wiki, kwa kuwa malasezia hamaliziki mwilini. Akaiacha. Joto la Januari lilipokolea, akanipigia simu: vipele vimerudi, kwenye mstari ule ule wa helmeti. Safari hii hakupita duka la dawa kuuliza. Chupa ilikuwa bado ina nusu.