Milioni sita za mwisho

Fundi wa kweli hujua siku ya kukabidhi jengo. Siku ambayo wengi huisahau ni ile ya kipindi cha matazamio kuisha, na ndiyo yenye fedha ya zuio.

Tuchukue mfano wa hosteli ya vyumba sita mjini Morogoro, iliyojengwa kwa mkataba wa shilingi milioni 240. Mkataba unasema kila malipo yakatwe asilimia 10 mpaka makato yafike asilimia 5 ya bei yote, yaani milioni 12. Kwa hesabu hiyo makato hukoma kazi ikifika nusu. Siku ya makabidhiano mkandarasi alirudishiwa nusu, milioni 6. Nyingine 6 zilibaki kwa mshitiri kwa miezi 12, ili kasoro ikijitokeza mkandarasi arudi kuirekebisha.

Miezi hiyo ikiisha, fedha haiji yenyewe. Mikataba mingi ya ujenzi hutaka mambo mawili: muda uwe umekwisha, na msimamizi wa mradi awe amethibitisha kwamba kasoro zote zilizotajwa ndani ya muda huo zimerekebishwa. Uthibitisho huo ni cheti. Anayepeleka ankara bila cheti atazungushwa, na sidhani ana haki ya kulalamika.

Kwa hiyo barua ya kwanza haiombi fedha. Inaandikwa wiki tatu hivi kabla ya muda kuisha, kwa msimamizi, nakala kwa mshitiri: “Kipindi cha matazamio kinaisha tarehe 14 Machi. Tunaomba tukague jengo pamoja kabla ya tarehe hiyo na kuandaa orodha moja ya kasoro zilizosalia.” Neno zito hapo ni “moja”. Orodha ikishasainiwa na pande zote, ni vigumu mtu kuja mwezi wa tano na ya pili.

Pale hostelini ukaguzi ulitoa mambo manne. Mlango wa stoo ulikuwa unakwaruza sakafu, na bomba chini ya sinki lilikuwa linavuja. Vigae kadhaa vya korido viligongwa kwa sarafu vikalia kama debe tupu, maana yake havikushika saruji. Haya matatu ni ya mkandarasi, hana pa kukwepea. La nne lilileta ubishi: shimo la maji taka lilikuwa linafurika. Mwenye nyumba alisema limejengwa dogo. Mkandarasi akafungua michoro, ikaonekana lilipimwa kwa vyumba sita, na mwenye nyumba alikuwa ameongeza vyumba vinne uani baada ya kuhamia. Kasoro ni kazi au vifaa visivyolingana na mkataba. Matumizi yaliyozidi kipimo hayamo, wala rangi iliyochakaa kwa kuegemewa na wapangaji. Msimamizi aliliondoa shimo kwenye orodha.

Mlango na bomba vilimalizwa kwa siku moja. Vigae vya rangi ile vilikuwa vimekwisha dukani, na mzigo mpya ulikuwa bado njiani. Hapa ndipo washitiri wengi hukosea, wanang'ang'ania milioni zote sita kwa ajili ya vigae vichache. Njia ya haki, ambayo baadhi ya mikataba imeiandika waziwazi, ni kuzuia gharama ya kazi iliyobaki tu. Mkadiriaji majenzi alipiga hesabu ya vigae, saruji na ufundi, akapata shilingi 450,000. Msimamizi akaidhinisha 5,550,000 zilipwe, na zilizosalia zisubiri vigae.

Barua ya pili ndiyo ya kudai, na iwe fupi. Inataja jina la mradi na namba ya mkataba, kifungu cha fedha ya zuio, tarehe ya makabidhiano na ya kuisha kwa matazamio, kiasi kinachodaiwa na akaunti ya benki. Inaambatishwa orodha iliyosainiwa, cheti na ankara. Ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, kwa sababu siku za kulipa huhesabiwa kutokana na karatasi. Maneno ya “bosi, naomba unikumbuke” yabaki kwenye simu.

Jibu likiwa “mradi umeishiwa fedha”, kumbuka kwamba zile hazikuwa fedha zake; ni malipo ya kazi iliyokwisha kupimwa. Angalia kifungu cha riba ya ucheleweshaji, kisha cha migogoro, ambacho mara nyingi huanza na msuluhishi kabla ya mahakama. Kwa Tanzania, madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka sita, lakini usingoje kiasi hicho: wasimamizi huhama na mafaili hupotea.

Mshitiri naye asiogope kuachia. Nondo zikija kuonekana pungufu baada ya miaka miwili, kulipa fedha ya zuio hakumfuti mkandarasi kwenye lawama ya kosa lililofichika.