Chembe Sahani Zinaposhuka kwa Mjamzito: Hesabu Moja, Hukumu Mbili

Tuchukue mfano wa wajawazito wawili wa milima ya Uluguru, mmoja wa Kinole na mwingine wa Matombo, wote wakiwa na mimba ya wiki 35. Wamepimwa damu siku moja katika hospitali mjini Morogoro, na karatasi zao za majibu zinaonesha hesabu ile ile: PLT 118. Wa Kinole anaruhusiwa kurudi nyumbani na kupewa tarehe ya kupimwa tena. Wa Matombo analazwa papo hapo. Ndugu waliowasindikiza wanashangaa iweje hesabu moja ilete hukumu mbili. Jibu lake linafaa kujulikana katika kila kaya yenye mjamzito.

Herufi PLT husimama badala ya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu ambazo hukimbilia penye jeraha na kushikamana ili damu isiendelee kuvuja. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Mashine huhesabu kwa maelfu, kwa hiyo 118 maana yake ni 118,000. Hesabu hiyo iko chini ya kawaida, lakini peke yake haimwambii daktari kwa nini imeshuka.

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni mimba yenyewe. Kadiri mimba inavyokua, maji ya damu huongezeka na chembe sahani hutumika kwa kasi zaidi, hivyo hesabu hushuka polepole katika miezi ya mwisho. Kati ya wajawazito 100, takriban 5 hadi 10 huwa katika hali hii. Mara nyingi hesabu hubaki juu ya 100,000, mama hana maumivu wala presha, mtoto hadhuriki, na baada ya kujifungua chembe hurudi zenyewe katika wiki chache. Hakuna dawa inayohitajika.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mama wa Kinole. Kadi yake ya kliniki inaonesha kwamba mwanzoni mwa mimba alikuwa na chembe 196,000. Presha yake ni 110 kwa 70, mkojo hauna protini, na kipimo cha malaria hakikuona vimelea. Kipimo hicho kilikuwa cha lazima, kwa kuwa malaria nayo hushusha chembe sahani. Mtaalamu wa maabara ametazama damu yake kwa hadubini ili kuhakikisha kwamba chembe hazikugandamana ndani ya kichupa, maana zikigandamana mashine huzihesabu pungufu na mama akaogopeshwa bure. Wiki mbili baadaye anapimwa tena na kukutwa na 114,000. Hesabu imetulia, na mipango yake ya kujifungua inaendelea kama kawaida. Angekutwa na upungufu huo katika miezi mitatu ya kwanza, au ungeshuka chini ya 80,000, daktari asingekubali kirahisi kwamba ni mimba tu, bali angetafuta sababu nyingine.

Mama wa Matombo ana habari tofauti. Hii ni mimba yake ya kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo alipata maumivu makali kwenye chembe ya moyo, yakielekea chini ya mbavu za kulia, akatapika mara mbili. Nyumbani walidhani ni vidonda vya tumbo. Zahanati ilimpima presha ikawa 150 kwa 100, na mkojo ukaonesha protini. Presha inayofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, ikiambatana na protini kwenye mkojo, ni dalili kuu ya maradhi yanayotangulia kifafa cha mimba. Muuguzi hakumpa dawa ya vidonda akamrudisha nyumbani, bali alimwandikia rufaa asubuhi ile.

Hospitalini, vipimo vya damu vinaonesha kwamba ini limeumia, na hadubini inaonesha chembe nyekundu zilizokatikakatika. Saa sita baadaye chembe sahani zimeshuka kutoka 118,000 hadi 81,000. Mambo hayo matatu yakikutana, yaani chembe nyekundu kuvunjika, ini kuumia na chembe sahani kushuka, madaktari huyaandika kwenye faili kwa herufi HELLP. Chanzo kimo katika kondo la nyuma, ambalo humwaga ndani ya damu ya mama vitu vinavyojeruhi kuta za mishipa midogo. Chembe sahani hukimbilia majeraha hayo na kuishia huko, na chembe nyekundu hupasuka zikipenya katika mishipa iliyobanwa. Mama anaweza kupata degedege, kuvuja damu, au ini kupasuka.

Kwa kuwa chanzo ni kondo la nyuma, tiba ya kuuondoa ugonjwa ni mtoto na kondo kutoka. Mama wa Matombo anachomwa sindano za magnesiamu ili kuzuia degedege, anapewa dawa ya kushusha presha, damu inaandaliwa, na anazalishwa bila kusubiri wiki 40. Haraka hiyo ina sababu nyingine pia: chembe zikishuka chini ya 70,000, wataalamu wa usingizi husita kuchoma ganzi ya mgongoni, wakihofia damu kuvujia kwenye uti wa mgongo. Baada ya kuzaa hesabu inaweza kuendelea kushuka kwa siku moja au mbili kabla ya kupanda, na kwa sababu hiyo haruhusiwi kuondoka mapema hata akijisikia nafuu.

Basi hukumu hutokana na mwendo wa hesabu na mambo yanayoambatana nayo. Ikishuka taratibu kwa majuma, huku presha, mkojo na ini vikiwa salama, mama hufuatiliwa. Ikiporomoka kwa saa, au ikiandamana na maumivu na presha, huo ni mwito wa dharura. Hata hivyo, presha ya kawaida haiondoi shaka yote, kwani wachache kati ya wenye HELLP hawana presha ya juu wanapofika hospitalini. Kwao, maumivu ya chembe ya moyo ndiyo hutoa onyo.

Zahanati za milimani kwa kawaida hazina mashine ya kuhesabu chembe sahani, lakini hupima presha na mkojo, na hivyo viwili husaidia kuamua nani ateremke mjini leo. Mjamzito ahifadhi karatasi zote za majibu pamoja na kadi yake, kwa sababu bila hesabu ya mwanzo daktari hawezi kujua kama 118 ya leo imeshuka au ndiyo kawaida yake. Akiumwa na chembe ya moyo, kichwa kisichotulia, akiona maluweluwe au akitapika katika miezi ya mwisho, asingoje kupambazuke wala mvua ikatike, maana barabara za mlimani wakati wa masika hula saa ambazo ugonjwa huu hautoi. Usafiri wa dharura wa wajawazito huombwa kwa kupiga namba 115 bila malipo. Dalili hizo hizo ziheshimiwe pia kwa mama aliyekwisha kujifungua, hasa katika siku mbili za kwanza, kwa kuwa baadhi ya wanawake hupatwa na HELLP wakati mtoto yuko tayari mikononi.